Kesi ya Makaa ya Mawe Lamu: Namna ya Kufupisha Hukumu Bila Kuipotosha

Ukiuliza watu wa Amu kesi ya makaa ya mawe iliishaje, wengi watakujibu kwamba korti ilipiga marufuku mtambo ule wa umeme. Hukumu ya tarehe 26 Juni 2019 haisemi hivyo. Ilifuta leseni ya kampuni ya Amu Power kwa sababu zilizotajwa wazi, na papo hapo ikaeleza kampuni ifanye nini ikitaka kuomba tena. Tofauti hiyo ni kubwa kwa mvuvi wa Kizingitini au mkulima wa Kwasasi, maana kampuni ikirudi na makaratasi mapya, anayeamini kulikuwa na marufuku atabaki kushangaa, na anayejua sababu za hukumu atajua aulize nini.

Hukumu hiyo inapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, kenyalaw.org. Andika kwenye sehemu ya kutafutia: Save Lamu & 5 others v National Environmental Management Authority. Ni ya mwaka 2019, na rufaa yenyewe ni nambari 196 ya 2016. Imeandikwa kwa Kiingereza na ni ndefu, kwa hiyo usianze ukurasa wa kwanza. Nenda mwisho kabisa, kwenye amri. Ukishajua jopo lililosikiliza kesi liliamuru nini, rudi juu ukatafute lilifikaje hapo.

Sehemu ya kwanza ya muhtasari ni mambo yaliyotokea. Hapa andika yale tu yanayobeba kesi: nani alimshtaki nani, kuhusu kitendo gani, lini. Kwa kesi hii yanatosha haya: Tarehe 7 Septemba 2016, NEMA, mamlaka ya serikali inayosimamia mazingira, iliipa kampuni ya Amu Power leseni ya kujenga mtambo wa umeme wa megawati 1,050 unaotumia makaa ya mawe, huko Kwasasi, Lamu bara. Shirika la Save Lamu pamoja na wakazi watano walikata rufaa dhidi ya leseni hiyo mbele ya jopo la kisheria la mazingira linalojulikana kama NET. Taja kwamba hili ni jopo. Si Mahakama Kuu, na uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Sehemu ya pili ni maswali ambayo jopo lilitakiwa kuyajibu. Mara nyingi utayaona yameorodheshwa katikati ya hukumu, baada ya hoja za pande zote mbili. Kwenye faili, bonyeza Ctrl+F kisha uandike "issues". Kama haipati chochote, huenda faili ni picha za kurasa zilizopigwa skani, na itakubidi usome kwa macho. Yaandike kama maswali ya ndiyo au la. Swali kuu hapa lilikuwa: Je, wananchi walishirikishwa kama sheria inavyotaka kabla ya leseni kutolewa? Lingine: Je, tathmini ya athari kwa mazingira ilizingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016?

Hapa ndipo muhtasari mwingi huharibika. Kabla ya kujibu maswali, hukumu hueleza kwa kirefu kila upande ulidai nini. Waliokata rufaa walisema moshi, majivu na maji ya moto yatadhuru watu na samaki. Kampuni na NEMA wakakana. Ukinakili sentensi kutoka kurasa hizo ukasema "korti ilisema mtambo utaua samaki", umeipa korti maneno ya mmoja wa wahusika. Tazama kitenzi. Penye "submitted", "contended" au "argued", anayesema ni mhusika au wakili wake. Penye "we find", "we hold" au "it is our view", hapo ndipo jopo linatoa kauli yake. Mimi hupigia mstari maneno ya kundi la pili peke yake, na muhtasari wangu hutoka humo.

Sasa sababu, sehemu inayostahili nafasi kubwa kuliko zote. Kanuni za tathmini za 2003, ambazo jopo lilizitumia, zinamtaka mwenye mradi atangaze kwa mabango, gazetini na redioni, kisha afanye angalau mikutano mitatu ya hadhara na watu watakaoathirika, awaeleze mradi na madhara yake na kupokea maoni yao. Amu Power ilikuwa imefanya mikutano, na ilitaka ihesabiwe. Jopo likaangalia ilifanyika lini na ilizungumzia nini. Ilikuwa mikutano ya mwanzoni, ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti kukamilika. Mwananchi hawezi kutoa maoni juu ya madhara ambayo hajaambiwa. Baada ya ripoti kutoka, ile mikutano ambayo ingemwezesha mtu kuuliza majivu yatamwagwa wapi haikufanyika kama kanuni zinavyotaka. Kwa jopo, ripoti hata iwe nene vipi, bila ushirikishwaji huo haina uhai.

Sababu nyingine ni kwamba tathmini haikuishughulikia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi. Iandike kwa sentensi moja inayojitegemea, wala usiichanganye na ile ya mikutano, kwa sababu kila sababu inaweza kupingwa peke yake katika rufaa.

Uamuzi unaandikwa kwa maneno machache, lakini yote. Leseni ilifutwa. Ikiwa kampuni bado inautaka mradi, ifanye tathmini mpya kwa kufuata kila hatua ya kanuni, ikiwemo kuonyesha michoro kamili ya mtambo, sehemu ya kuhifadhia makaa na shimo la majivu, na umbali wake na ufuo. Watu wengi huacha nusu hii ya pili. Ndiyo inayomwambia mkazi wa Lamu adai nini mradi wowote wa aina hii ukija: aone michoro, na mikutano ifanyike baada ya ripoti.

Ukimaliza, weka nambari ya aya au ukurasa kando ya kila sentensi uliyoitoa kwenye hukumu. Ukikosa pa kuielekeza, ifute; huenda ni maoni yako au ulichosikia barazani. Mpe mwenzako anayejua Kiingereza alinganishe aya hizo tu, kazi isiyomchukua muda mrefu. Na kama wewe mwenyewe una kesi, muhtasari ukusaidie kumwuliza wakili maswali mazuri. Usiutegemee kama ushauri wa kukata rufaa; mwone wakili mapema, kwa sababu muda wa rufaa ni mfupi. Kwa maamuzi ya jopo hili ni siku 30.

Jambo la mwisho la kuandika ni nini kilitokea baada ya hukumu. Amu Power ilikata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Malindi iliitupilia mbali, hivyo uamuzi wa 2019 ukabaki. Muhtasari usio na mstari huo umepitwa na wakati. Basi kabla hujasambaza muhtasari wako kwa jirani, litafute jina la kesi upya, uangalie kama kuna hukumu iliyofuata, kisha uandike juu ya karatasi tarehe uliyoangalia.