Pima Seli kwa Mizani Kabla ya Kuamini Lebo

Seli ya lithiamu ya 18650 ni ile ya duara, kubwa kidogo kuliko betri ya rimoti, ambayo mafundi huitoa kwenye betri za laptopu kuukuu na kuitumia tena katika pawabanki na taa. Vipimo vyake vimo katika jina: kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Kwa kuwa umbo halibadiliki, seli nzuri na ya uongo hufanana kabisa mezani. Mizani ya jikoni ya dijitali na hesabu ya mstari mmoja huzitenganisha.

Unatafuta mambo mawili. La kwanza ni nishati mahususi, yaani kila kilo ya seli inabeba wati-saa ngapi. La pili ni msongamano wa nishati, yaani kila lita ya nafasi inayochukuliwa na seli inabeba wati-saa ngapi. Anayeunda betri ya kubebwa mgongoni huangalia zaidi la kwanza. Anayebanwa na ukubwa wa boksi huangalia la pili.

Tuchukue seli iliyoandikwa 3.6 V na 2500 mAh. Iweke kwenye mizani ikiwa peke yake, bila waya wala kishikio. Tuseme inasoma gramu 45. Uwezo wa 2500 mAh ni sawa na ampia-saa 2.5, na ukizidisha kwa volti 3.6 unapata wati-saa 9. Gawanya kwa kilo 0.045, jibu ni 200 Wh/kg. Kuna njia fupi zaidi: kwa kuwa miliampia-saa na gramu zote hugawanywa kwa elfu, elfu hizo zinafutana.

```
Wh/kg = V × mAh ÷ gramu = 3.6 × 2500 ÷ 45 = 200
```

Kwa ujazo, pima kipenyo kwa kalipa, usitegemee jina tu, maana ganda la plastiki huongeza kidogo. Kipenyo kikiwa sentimita 1.84, nusu yake ni 0.92. Zidisha 3.14 kwa 0.92 mara 0.92, kisha kwa urefu wa 6.5, utapata sentimita za ujazo 17.3 hivi. Hesabu inayobaki ni ileile:

```
Wh/L = V × mAh ÷ cm³ = 3.6 × 2500 ÷ 17.3 = 520
```

Volti ndiyo inayowapoteza wengi. Seli hii ikijaa husoma 4.2, na mtu akiiweka hiyo kwenye hesabu anapata 233 Wh/kg badala ya 200. Lakini volti hushuka kadiri seli inavyotumika, hadi karibu na 3 au chini yake. Kinachotakiwa ni volti ya wastani wa safari nzima, ndiyo ile 3.6 au 3.7 ya kwenye lebo. Kwa seli za lithiamu ya chuma na fosfeti, tumia 3.2.

Sasa chukua seli ya 18650 iliyoandikwa 3.7 V na 9900 mAh, bei rahisi, na mizani inasoma gramu 40. Hesabu inatoa takriban 916 Wh/kg. Haiwezekani. Seli bora za kawaida za aina hii, zenye 3500 mAh na uzito wa gramu 48 hivi, zinafika karibu 260. Si lazima uichaji wala uifungue ili kujua kwamba lebo inadanganya, na kuifungua ni hatari kwelikweli, kwa hiyo usijaribu.

Hesabu hii ina mpaka wake, nao ni muhimu kwa wanaonunua seli zilizotumika. Uzito haupungui seli ikichakaa. Ile ya 2500 mAh inaweza kubaki na 1700 tu, na mizani ikaendelea kusoma gramu 45 zilezile. Nishati mahususi ya kweli sasa ni 136 Wh/kg. Hilo utalijua kwa kuichaji ijae, kisha kuimaliza kupitia kifaa cha kupimia uwezo. Kama kifaa kinaonyesha Wh moja kwa moja, tumia namba hiyo, kwa sababu imeshahesabu kushuka kwa volti. Fanya kipimo kwa mkondo mdogo, ampia 0.5 kwa seli hii. Ukiivuta kwa nguvu, volti hushuka mapema na jibu linakuwa dogo.

Tena, usiipe betri nzima sifa ya seli moja. Seli 10 kama hizi zina wati-saa 90 na gramu 450. Ongeza vishikio, saketi ya ulinzi, waya na boksi, uzito ukafika gramu 620, na 200 inashuka hadi 145 Wh/kg.

Nenda dukani na mizani yako. Seli ya 18650 ikikupa zaidi ya 300 Wh/kg kwa namba za lebo yake, irudishe kwa muuzaji.