Namba Ileile, Herufi Nyingine: Kuyarudisha Maandishi ya Kiburma

Kompyuta haihifadhi herufi. Huhifadhi namba, kisha hutazama jedwali linaloeleza namba ipi ni herufi ipi. Mtu wa Bukama anayeandikiana kwa Kifaransa huenda amewahi kupokea neno «école» likiwa limegeuka «Ã©cole». Ile é ilihifadhiwa kwa baiti mbili, C3 na A9, na programu iliyoipokea ikasoma kila baiti kama herufi nzima. Hakuna kilichopotea hapo. Baiti ni zilezile, na zikisomwa kwa jedwali sahihi é hurudi.

Maandishi ya zamani ya Kiburma yana ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa majedwali mawili yaligombania namba zilezile. Yunikodi iliuingiza mwandiko huo mwaka 1999. Lakini katika Kiburma alama hukaa juu ya konsonanti, chini yake, kushoto kwake, hata kuizunguka, na kwa miaka mingi vifaa vingi havikuweza kuzipanga. Ndipo ikaenea fonti iitwayo Zawgyi, ambayo haikuhitaji uwezo huo: alama ziliandikwa kwa mfuatano ambao jicho linaziona. Mwaka 2008 Yunikodi toleo la 5.1 ikaongeza alama na kubadili kazi ya baadhi ya namba. Zawgyi ikabaki na mpangilio wake, na mamilioni ya watu wakaendelea kuitumia.

Tuchukue neno moja, Myanmar, yaani မြန်မာ. Namba zake ni hizi. Zimeandikwa kwa mfumo wa tarakimu kumi na sita, kwa hiyo baada ya 9 huja A, kisha B:

```
Zawgyi:   103B 1019 1014 1039 1019 102C
Yunikodi: 1019 103C 1014 103A 1019 102C
```

Katika yote mawili 1019 ni m, 1014 ni n, na 102C ni irabu a. Tofauti iko kwenye alama mbili. Ile ya r, inayoizunguka m, katika Zawgyi ni 103B na hutangulia, kwa sababu jicho hukutana nayo kwanza upande wa kushoto. Yunikodi huiita 103C na hutaka konsonanti itangulie daima. Alama ya pili huifunga n isiwe na irabu: 1039 kwa Zawgyi, 103A kwa Yunikodi.

Sasa simu ya Yunikodi inaposoma namba za Zawgyi, 103B kwake ni alama ya y. Ikiikuta bila konsonanti kabla yake, simu nyingi huchora duara la nukta. Na 1039 kwake ni amri ya kubebanisha konsonanti, kwa hiyo m inatumbukia chini ya n. Duara la nukta na konsonanti zilizobebana pasipo sababu ndizo dalili za kutafuta.

Kurudisha kuna hatua mbili. Kwanza, kila alama katika kundi hili husogea namba moja mbele: 1039 huwa 103A, 103A huwa 103B, 103B huwa 103C, na kuendelea hadi 103D inayokuwa 103E. Badilisha zote kwa pamoja, au anzia mwisho. Ukianzia 1039, ile 103A mpya itabadilishwa tena pamoja na za zamani, na hutaweza kuzitenganisha. Pili, alama zilizotangulia huhamishwa nyuma ya konsonanti zao. Kazi halisi ina kanuni nyingine nyingi kwa maumbo maalumu. Programu ya ICU inazo tayari:

```
uconv -f utf-8 -t utf-8 -x Zawgyi-my zamani.txt > mpya.txt
```

Shida kubwa, kwa maoni yangu, si kubadilisha bali kujua kama inafaa kubadilisha. Ukiipitisha မြန်မာ iliyo sahihi kwenye kanuni hizo, r inakuwa w, na alama ya kufunga n inakuwa y: မွနျမာ. Dalili nzuri ni 1031, irabu inayoonekana kushoto. Ikianza neno mara tu baada ya nafasi, hiyo ni Zawgyi. Kwa maandishi marefu, Google ilitoa mwaka 2018 zana inayopima jinsi namba zinavyofuatana na kukadiria jedwali lililotumika. Maneno mafupi kama စာ ni namba zilezile kote, hayana madhara. Lugha kama Kishan ndizo za kuangaliwa sana, kwani Zawgyi ilizikalia pia namba ambazo Yunikodi imezitengea herufi zao.

Myanmar ilihamia Yunikodi rasmi tarehe 1 Oktoba 2019, lakini mafaili ya kabla ya hapo bado yako kwenye diski. Ukiletewa moja, tunza nakala ya awali, pima kwanza, na ubadilishe mara moja tu.