Kuandika Maagizo Kutokana na Sauti za Msimamizi

Udongo mwingi wa Nakuru ni wa majivu ya volkano. Ukilowa, kingo za mtaro huporomoka. Tuseme msimamizi wa mitaro miwili ya mabomba ametuma sauti tatu, zikanakiliwa hivi:

Saa 1:10 asubuhi: "Chimbeni mita moja."
Saa 1:25: "Udongo wekeni pale kando."
Saa 2:40: "Mvua ilinyesha, msiingie kabla sijaangalia. Ile ya juu iwe sentimita themanini."

Zipange kwa saa. Agizo la baadaye hufuta la awali, lakini kwa kilichotajwa tu: mtaro wa chini unabaki mita moja. Kisha pigia mstari maneno kama "pale kando" na "ile ya juu". Usikisie, mpigie msimamizi. Akieleza kuwa ni mita moja kutoka ukingoni, na mtaro wa kando ya barabara, andika la usalama kwanza:

1. Usiingie mtaroni kabla msimamizi hajaukagua.
2. Mtaro wa barabarani: kina sentimita 80.
3. Mtaro wa chini: kina mita 1.
4. Weka udongo mita 1 kutoka ukingoni.

Msomee msimamizi maagizo hayo kabla ya kuyabandika.