Tablo kroaze inasema 2 640, kolone inasema 2 987: kilo zingine ziko wapi?

Katika koperative nyingi za kahawa sekretere anaandika kila boni ya kupima ndani ya Excel. Kisha anatengeneza tablo kroaze, ile ambayo kwenye mashini inaitwa Tableau croisé dynamique, ili ajue kila memba alileta kilo ngapi. Orodha ile ndiyo inabebwa siku ya kulipa. Kama kilo zimepotea ndani yake, kuna papa ao mama atarudia nyumbani na pesa kidogo, hata kama boni yake iko sawa.

Chini kabisa ya tablo kroaze kuna mustari wa Total général. Mbele ya kulipa, tunapenda namba ile ilinganishwe na jumla ya kolone yenyewe ya kilo. Zikiachana, musilipe kwanza. Mara nyingi mashini haikukosea hesabu: ilihesabu vitu vingine, si vile munafikiri.

Tuchukue mufano wa koperative moja, tuseme iko pembeni ya Ziwa Kivu. Regista yake iko na kolone ine: A ni tarehe, B ni jina la memba, C ni kituo, D ni kilo za kahawa mbichi. Siku ya ijumaa regista ilifika mustari wa 61, na sekretere akatengeneza tablo kroaze. Total général ilikuwa 2 640. Siku ya posho na siku ya kwanza wakapokea boni nane zingine, akaziandika chini, mustari wa 62 mpaka wa 69. Pia aliona kama boni moja ya zamani iliandikwa kilo 36, kumbe ni 63, akasahihisha. Siku ya pili akaandika pembeni:

```
=SOMME(D2:D69)
```

Ikatoka 2 987. Tablo kroaze ilikuwa ingali na 2 640. Tofauti ni kilo 347.

Ya kwanza ya kujua: tablo kroaze haisomi regista yenyewe. Inasoma kopi ambayo Excel ilichukua siku ile tablo ilitengenezwa. Ni kama picha: mukibadilisha kitu ndani ya nyumba, picha ukutani haibadiliki. Formula ya SOMME inajirekebisha yenyewe, lakini tablo kroaze inangojea muiambie. Mutafinya ndani ya tablo kwa upande wa kuume wa suri, kisha mutachagua Actualiser. Sekretere alipofanya vile, ikapanda mpaka 2 667. Zile kilo 27 ni boni iliyosahihishwa, 36 kuwa 63. Lakini kilo 320 zingali zinakosekana, na hapa wengi wanashangaa, sababu wanafikiri Actualiser inamaliza yote.

Actualiser inachukua picha mupya, lakini inaichukua mahali palepale. Siku ya ijumaa tablo iliambiwa isome kutoka A1 mpaka D61. Mustari wa 62 uko inje ya picha, hata mukifinya Actualiser mara kumi. Kuna njia nzuri ya kuona jambo hili kwa macho: mufinye mara mbili juu ya namba yenyewe ya Total général. Excel itafungua ukurasa mupya wenye mistari yote ambayo namba ile ilitoka. Mutafute ndani yake tarehe ya mwisho. Kwa mufano wetu inaishia ijumaa. Boni za posho na za siku ya kwanza hazimo. (Ukurasa ule ni kopi tu. Mukisha kuangalia muufute, asije mutu akaandika boni ndani yake.)

Dawa ya kudumu ni kufanya regista iwe tablo ya Excel, yenye kujiongeza yenyewe. Muchague regista yote, kutoka vichwa vya kolone mpaka mustari wa mwisho, muende kwenye Insertion, kisha Tableau, na muweke alama mbele ya Mon tableau comporte des en-têtes. Excel itaipa jina, kwa kawaida Tableau1. Kisha murudie ndani ya tablo kroaze, mufungue Analyse du tableau croisé dynamique (kwa mashini za zamani ni Analyse ao Options), muchague Changer la source de données, na muandike Tableau1. Tangu leo, boni mupya ikiandikwa mara moja chini ya ile ya mwisho, itahesabiwa. Actualiser haiondoki: eneo linajiongeza, lakini picha ingali inangojea kupigwa.

Kuna wenye kuchagua kolone nzima kutoka juu mpaka chini ili wasisumbuke tena. Inaweza kutumika, lakini visanduku vitupu vinaweza kufanya Excel ihesabu boni ngapi ziko pahali pa kujumlisha kilo. Kichwa kikisema Nombre de Kg na si Somme de Kg, mujue ni ile.

Sekretere wetu akafanya yote, akafinya Actualiser. Ikatoka 2 957. Kilo 30 bado.

Pakibaki tofauti ndogo hivi, kwanza mutafute ndani ya kolone D kama kuna boni yenye kilo zile. Ilikuwepo: mustari wa 67, kilo 30, ya mama moja aliyeingia katika koperative siku ya posho. Jina lake liko ndani ya regista, lakini ndani ya tablo kroaze haliko. Kwa nini? Hapo mwanzo sekretere alikuwa ameandika mustari wa kujaribu, jina JARIBU, kilo 0. Kisha, ili usionekane, alifungua mushale pembeni ya kichwa cha majina na kuondoa alama mbele ya JARIBU. Kilo 0 haikubadilisha kitu, na yeye akasahau. Lakini kwa kuondoa alama ile, Excel ilishika orodha ya majina ya kuonyesha, na jina linalokuja nyuma haliingie ndani yake. Total général nayo inajumlisha tu majina yenye kuonekana.

Alama ya jambo hili ni picha ndogo ya mufereji juu ya ule mushale. Mufungue mushale, muchague Effacer le filtre. Jina la mama likatokea, na Total général ikafika 2 987. Mustari wa JARIBU ufutwe ndani ya regista yenyewe, ndiyo mahali pake. Kama kweli munahitaji kuficha jina, mufinye jina moja kwa upande wa kuume, mufungue Paramètres de champ, muweke alama mbele ya Inclure de nouveaux éléments dans le filtre manuel.

Neno moja la mwisho, juu ya namba zenye kulingana na zingali mbaya. Mutu akiandika « 45 kg » ndani ya kisanduku, ao 45.5 na nukta kwenye mashini ya kifaransa inayotaka koma, Excel inaona maandishi, si namba. SOMME inaruka kisanduku kile, tablo kroaze nayo haikiongeze kwa jumla. Zote mbili zitasema jumla moja, na boni ile haimo. Muandike hizi mbili:

```
=NBVAL(D2:D69)
=NB(D2:D69)
```

Ya kwanza inahesabu visanduku vyenye kuandikwa kitu, ya pili vile vyenye namba tu. Kwa regista yetu, mbele ya kufuta mustari wa JARIBU, zote mbili zinapashwa kutoa 68. Ya pili ikitoa 67, kuna boni moja ya kuandika upya.