Parachichi Juu ya Bati: Namna ya Kuandika Filamu Fupi ya Kutisha kwa Sauti

Katika filamu ya Kimarekani Cat People ya mwaka 1942, mwanamke anatembea peke yake usiku, akihisi anafuatwa. Hatua za nyuma yake zinanyamaza. Tunangoja chui. Mara, mlio mkali, kumbe ni basi limefunga breki. Mtayarishaji, Val Lewton, hakuwa na fedha za kutengeneza zimwi, akaacha sikio la mtazamaji limtengenezee.

Mwandishi wa filamu anayeishi Kikatiti, Tanzania, ana basi hilo bure. Malori ya barabara ya Arusha–Moshi hupita usiku kucha, na breki zao za upepo hupiga mluzi uleule. Ana pia migomba inayokwaruzana, mbwa wa jirani na paa la bati. Filamu zetu, tangu Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, zilituzoesha kumwona jini waziwazi. Bila fedha za vipodozi vya maana, jini huyo huchekesha. Usimwonyeshe.

Tuchukue mfano: dakika tano, chumba kimoja, taa moja ya sola, waigizaji wawili. Ukurasa mmoja wa skripti huchukua takribani dakika moja, kwa hiyo andika kurasa tano tu. Bibi amelala chumba cha pili na tunamsikia akikohoa. Neema, mjukuu wake, anasoma sebuleni. Nje kuna mparachichi ulioinamia paa.

Ukurasa wa kwanza unamfundisha mtazamaji sauti moja. Parachichi linaanguka: KO! juu ya bati, linabingirika, kisha linatua chini, DUP. Neema hainui hata kichwa. Lianguke tena, vilevile, sehemu zote tatu. Sasa mtazamaji ameizoea, naye hajui kwamba amefundishwa.

Ukurasa wa pili, uandike hivi:

KO! juu ya bati. Linabingirika. Linafika ukingoni.
Kimya.
Neema anainua kichwa. Anangoja DUP. Haiji.

Hapo ndipo hofu inapoanza, na haijagharimu hata senti. Kuna kitu kimelidaka. Kosa la wengi ni kumfanya Neema aseme, "Mbona halijaanguka?" Futa sentensi hiyo. Mtazamaji akigundua mwenyewe, anaogopa; akiambiwa, anasikiliza tu.

Usiongeze jambo jipya haraka. Ukurasa wa tatu mpe nafuu: mluzi mkali unamshtua Neema, kumbe ni lori barabarani. Anacheka, Bibi anakohoa, tunapumua. Nafuu hiyo ikikosekana, kishindo kinachofuata hakina pa kuangukia.

Ukurasa wa nne, sauti ya Bibi inaita kutoka nje, "Neema, njoo uniokotee." Neema anaanza, "Abe..." na chumbani Bibi anakohoa. Wazee wengi huwaonya watoto wasiitike hovyo wakiitwa usiku, kwa hiyo "abee" iliyokatika katikati inatosha. Usieleze mila yoyote. Ukurasa wa tano, kikohozi kinakoma. Parachichi linabingirika polepole kutoka chumbani kwa Bibi hadi mguuni pa Neema. Giza.

Ukitaka kumpa huyo wa nje jina, jizuie. Hasa usimfanye bibi kizee kuwa mchawi: Tanzania imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo.

Kwenye kurekodi, adui ni simu yenyewe. Simu nyingi hupandisha sauti zenyewe pakiwa kimya, hivyo pale unapotaka ukimya utasikia mvumo ukifura. Rekodi KO, mbingiriko na DUP kando, simu ikiwa karibu, kisha uzipange wakati wa kuhariri. Rekodi pia dakika moja ya chumba kitupu, uitandaze chini ya filamu nzima. Ukikata sauti kabisa, mtazamaji atadhani spika imekufa. Ukitaka kimya kizito, acha nyenje walie tangu mwanzo, kisha uwaondoe pale DUP inapokosekana. Usirekodi mazungumzo mvua ikinyesha. Bati litameza kila neno.

Kabla ya kupiga picha, waambie marafiki watatu wafumbe macho, uwasomee skripti huku mwenzako akigonga bati. Waulize nje kuna nini. Wakijibu kwa uhakika kabla ya ukurasa wa nne, umetoboa siri mapema. Wasipogundua kwamba DUP ya tatu haikuja, hukuwafundisha vya kutosha. Ongeza parachichi moja ukurasa wa kwanza.

Kisha tafuta kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inakitaka kabla ya kuanza kupiga picha, na wa kuuliza ni Bodi ya Filamu Tanzania.