Mteja wa Mashine Ana Thamani Gani?

Leo tufanye hesabu ya mashine ya kusaga. Tuchukue mfano wa kijiji kimoja cha Kongwa, Dodoma. Mteja analeta debe moja la mtama kila wiki. Ukishatoa dizeli na mshahara wa msagaji, faida ni shilingi 200. Kwa wiki 50 anakuachia shilingi 10,000 kwa mwaka.

Je, atakaa miaka mingapi? Tazama daftari lako. Ikiwa kila mwaka, katika wateja 10, wanahama 2, gawa 10 kwa 2. Kwa wastani mteja anakaa miaka 5. Basi thamani yake ni:

10,000 × 5 = shilingi 50,000

Ukimpunja unga wa shilingi 100 akahama, umeuza shilingi 50,000 kwa 100.

Tuseme sasa hupunji, na anahama 1 tu. 10 ÷ 1 ni miaka 10, yaani shilingi 100,000. Thamani imekuwa mara mbili, na bei haikupanda.

Lakini tuangalie: mwaka wa ukame mteja haji kwa sababu hana nafaka. Huyo hajahama, usimfute. Aliyehama ni yule anayepita mlangoni pako na debe kichwani, anakwenda mashine nyingine.