Dawa ya bakteria kwa viluwiluwi vya mbu: Mwanza inafaa wapi, na wapi haitoshi

Kiwanda cha viuadudu cha Kibaha kilifunguliwa mwaka 2015. Ni mali ya Shirika la Taifa la Maendeleo, kilijengwa kwa teknolojia kutoka Kuba, na kina uwezo wa kutengeneza lita milioni 6 kwa mwaka. Kwa hiyo dawa ipo nchini. Maswali ninayoletewa na viongozi wa mitaa, wakulima na akina mama wa pembezoni mwa ziwa yanahusu yale yanayofuata baada ya dumu kufika mtaani. Nimejibu yale yanayojirudia zaidi.

Dawa hii ni sumu ya namna gani?

Dawa hii hutokana na bakteria wa aina mbili, na kila aina ina bidhaa yake. Aina ya kwanza hufupishwa Bti. Iligunduliwa mwaka 1976 katika dimbwi kwenye jangwa la Negevu. Ya pili ni basilasi sferikasi. Bakteria hawa hutengeneza chembe za protini ambazo zenyewe hazina madhara. Kiluwiluwi kikizimeza, maji ya tumbo lake, yaliyo makali kama ya magadi, huziyeyusha na kuzigeuza sumu inayotoboa ukuta wa utumbo. Kiluwiluwi huacha kula na mara nyingi hufa ndani ya siku moja au mbili.

Kumbuka neno kumeza, maana limebeba nusu ya elimu yote ya dawa hii. Mayai hayali. Pupa, yule mwenye umbo la koma ambaye amebakiza siku moja au mbili awe mbu, naye hali. Ukipuliza leo, mayai yaliyopo yataanguliwa, na mapupa waliopo wataruka zao. Unaua wa katikati tu.

Ng'ombe wangu wanakunywa hapo, na mtoto huoga hapo. Na samaki je?

Tumbo la mtu, la ng'ombe na la samaki halina hali ile inayoiamsha sumu hii, wala halina mahali pa sumu hiyo kunata. Ikitumika kwa kipimo chake, haiwadhuru. Wanaoweza kuguswa ni ndugu wa karibu wa mbu, hasa pale mtu anapozidisha kipimo. Baadhi yao ni vijidudu vya majini ambavyo samaki wadogo huvila, kwa hiyo kumwaga zaidi "ili ikolee" ni kosa.

Hapa niseme jambo kuhusu wale wadudu wanaoinuka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa za nyumba. Wengi huwaita mbu, lakini hawaumi na hawabebi malaria. Mtaa usipoteze hata lita moja kwa ajili yao.

Kwa hiyo mbu wa malaria hawazaliwi ziwani?

Kwenye maji ya wazi yenye mawimbi na samaki, hapana. Huzaliwa ukingoni palipotulia katikati ya majani na magugu maji, na zaidi kwenye maji yaliyo nchi kavu. Mbu wa kundi la gambie hupenda maji madogo yenye jua: nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, visima vya bustani za mchicha, matairi ya magari yaliyochimba tope. Mbu wa funestasi hupenda maji ya kudumu yenye majani marefu: malambo, mabwawa, vinamasi na pembe za majaruba.

Ziwa nalo halitulii mahali pamoja. Maji yalipopungua katikati ya miaka ya 2000, watafiti upande wa Kenya walikuta ardhi iliyoachwa wazi imejaa madimbwi mapya ya funestasi. Mwaka 2020, na tena 2024, ziwa lilipanda kuliko kawaida na kuingia kwenye bustani na viwanja. Ramani ya madimbwi ya mwaka jana ni ya mwaka jana.

Je, kuna mahali kwenye ziwa hili ilipofanya kazi kweli?

Pako. Mbita ni mji mdogo ulio ukingoni mwa ziwa hili hili, upande wa Kenya. Watafiti Ulrike Fillinger na Steve Lindsay walichapisha matokeo yao mwaka 2006: madimbwi yote ya eneo hilo yaliwekwa dawa za bakteria kila wiki, na wingi wa viluwiluwi vya anofelesi ulishuka kwa asilimia 95. Kuumwa na mbu hao kulipungua kwa asilimia 92.

Dar es Salaam nayo ilianza mwaka 2006 kwa kata tatu, ikaongeza hadi kata 15. Huko uwezekano wa mtu kukutwa na vimelea vya malaria ulipungua kwa takriban asilimia 21. Mji mkubwa una mbu wengi wanaoingia kutoka kata jirani zisizowekwa dawa, na watu wanaosafiri na vimelea vyao. Kwangu mimi, asilimia 21 katika jiji ni kazi ya kuheshimiwa, lakini asiyetarajia tofauti hiyo atasema amedanganywa.

Mtaa wetu umepewa dumu la dawa. Tuanzie wapi?

Dumu libaki limefungwa kwanza. Anzeni na orodha. Dar es Salaam walichora ramani kwa maeneo ya mabalozi wa nyumba kumi, na vijana waliochaguliwa na mitaa yao walipita kila uwanja, hata nyuma ya ua. Fanyeni vivyo hivyo, na mfanye kati ya Juni na Septemba, wakati wa kiangazi, maji yakiwa machache. Madimbwi yanayovuka kiangazi ndiyo yanayotunza mbu mpaka mvua za vuli.

Kila dimbwi lipewe namba, lipimwe, lichotwe. Kuchota kuna namna yake. Nenda taratibu, kivuli chako kisiangukie maji, maana viluwiluwi vikistuka huzama. Tumia kata nyeupe yenye mpini mrefu, uichovye ukingoni karibu na majani, mara kumi kwa dimbwi. Kisha tazama. Kiluwiluwi cha anofelesi hulala bapa, sambamba na uso wa maji. Kile cha mbu wa chooni huning'inia kichwa chini. Kwa jicho la kawaida, baada ya asubuhi moja ya mazoezi, kijana yeyote ataweza kuvitofautisha.

Chukulieni shimo la matofali, mfano wa yale ya Buhongwa, lenye mita 20 kwa 15. Hizo ni mita za mraba 300. Kama kibandiko cha dawa kinataka lita 10 kwa hekta, hiyo ni mililita 1 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo shimo hilo linahitaji mililita 300. Sasa jazeni bomba la mgongoni maji matupu, lita 15, mpulizie kwenye uwanja mkavu kwa mwendo wenu wa kawaida, mpime eneo mlilolowesha. Likiwa mita za mraba 300, mililita 300 zinaingia kwenye bomba moja. Likiwa mita za mraba 150 tu, kila bomba litabeba mililita 150, na shimo litahitaji mabomba mawili. Tikiseni dumu kabla ya kumimina, maana bakteria hutuama chini. Asiyetikisa hupuliza maji leo na uji mzito kesho. Kipimo chenyewe kifuateni kwenye kibandiko cha dawa mliyonayo, kwani bidhaa hazifanani.

Halafu rudini siku ya saba. Jua huivunja Bti upesi, na chembe zake huzama, ilhali anofelesi hula juu ya maji. Yai huweza kuwa mbu kwa wiki moja hadi mbili kwa joto letu, hivyo wiki moja ikirukwa, kizazi kizima kimetoroka. Mvua kubwa ikisomba dimbwi, rudini hata kabla ya siku saba.

Tutajuaje kama imefanya kazi?

Tafuteni pupa. Mkichota siku ya saba, kabla ya kupuliza tena, mkaona viluwiluwi vidogo, msihofu. Vimeanguliwa baada ya dawa. Mkiona pupa, karibu kila mara ametokana na kiluwiluwi kilichopona wiki iliyopita. Labda kijana aliruka kona yenye matete, labda dawa ilikaa juani stoo, labda maji yanatembea. Ukaguzi huo afanye mtu mwingine, asiwe yule aliyepuliza.

Tumepuliza mwezi mzima na bado mbu wanatunyima usingizi usiku.

Hao wa kelele nyingi mara nyingi ni wa maji machafu: vyoo vya shimo, mashimo ya maji taka, mitaro iliyoziba kama ile inayomwaga maji Mto Mirongo. Dawa iliyowekwa kwenye madimbwi ya wazi haiwagusi. Sferikasi ndiyo inayodumu zaidi kwenye maji machafu. Dar es Salaam waliiweka kwenye mashimo yaliyofunikwa kila baada ya miezi mitatu. Tatizo lake ni usugu: mbu hao wameshaizoea Brazili, India na kwingineko, kwa sababu ina sumu ya namna moja. Bti ina sumu kadhaa zinazosaidiana, na usugu wake wa maana haujaonekana nje ya maabara.

Nashauri mitaa iwaguse na hawa wa kelele, ingawa hawaleti malaria. Mwananchi hupima mradi kwa sikio lake. Akiona hakuna nafuu, kesho hatafungua geti la uwanja wenye dimbwi la anofelesi.

Na sisi wa Misungwi na Magu wenye majaruba na malambo?

Kwenu siishauri iwe silaha ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linaielekeza dawa hii pale madimbwi yanapokuwa machache, yasiyohamahama na yanayopatikana kwa urahisi. Kwenye tambarare za Mto Gambia timu zilitembea kwa miguu zikiweka dawa, na malaria haikupungua, kwa sababu maji yalikuwa mapana mno kufikiwa. Utafiti mkubwa wa vyandarua Misungwi, ulioanza 2019, ulikuta mbu anayetawala huko ni funestasi, yule wa maji mapana yenye majani. Utafiti huo huo ulionyesha kuwa vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na pirethroidi viliwalinda watoto kuliko vya kawaida, hata katika mwaka wa pili. Fedha ikiwa ni moja, ianze hapo.

Hatuwezi kufukia tu?

Mashimo ya matofali na ya mchanga, ndiyo, na ni bora kuliko dawa. Shimo lililofukiwa halihitaji kurudiwa kila Jumatatu. Anayechimba apewe sharti la kufukia. Vinamasi vya ukingo wa ziwa msivikaushe, maana ndimo samaki huzaliana. Mabwawa ya samaki yaliyotelekezwa yarudishiwe sato: Kisii, Kenya, sato waliorudishwa kwenye mabwawa ya namna hiyo walipunguza viluwiluwi vya anofelesi kwa zaidi ya asilimia 94 ndani ya wiki 15. Ila majani ya ukingoni yafyekwe, samaki wafike.

Kwa viongozi wa mitaa ya Nyamagana na Ilemela: kabla hamjaandika barua ya kuomba dawa, ambatanisheni orodha ya madimbwi, ukubwa wa kila moja, na jina la mtu atakayelirudia kila wiki mpaka mvua ziishe. Pasipo jina hilo, msiombe dawa.